Jirani Mchina akikuuliza "umekula?": umjibu nini, na uendelee vipi

Swali: Mwalimu, nimehamia Yiwu kikazi, ghorofa ya tisa. Jirani yangu ni mama mtu mzima anayelea mjukuu wa kiume. Tukikutana kwenye lifti ananiambia "chile ma". Juzi nilimjibu kwamba sijala, akabaki hana la kusema. Nianzeje maongezi ya chakula na familia bila kumvunjia heshima?

Jibu: Mama huyo alikuwa anakusalimia tu. *Chī le ma* (吃了吗), yaani "umeshakula?", ni kama "umeamkaje?" ya kwetu, ambayo unaijibu "salama" hata kama jino limekukosesha usingizi. Jibu lake ni *Chī le, nín ne?*, "nimekula, na wewe je?", hata kama tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni. Ukisema hujala unamtwika mzigo: ama akukaribishe chakula ambacho hakukiandaa, ama akuache uende na njaa yako. Ndiyo maana alinyamaza. Nawe unaweza kuianza salamu hiyo, ila iwe karibu na saa za kula. Saa tisa alasiri haina mahali.

Hilo *nín* ni "wewe" ya heshima, na *nǐ* ni ya rika lako. Huko kusini hawalitumii sana kama Beijing, lakini hakuna mtu mzima atakayechukizwa kulisikia kwa mgeni. Kichina hakina shikamoo. Kazi yake inafanywa na neno la undugu unalomwita mtu, kwa hiyo usiingie kwenye lifti na *nǐ hǎo* tupu. Kama ni wa umri wa mama yako, sema *Āyí hǎo*. *Āyí* ni mama mdogo, na huitwa hivyo hata asiye ndugu. *Nǎinai*, yaani bibi, mwachie aliye wazi kwamba ni wa umri wa bibi yako. Ukiwa na shaka, baki na *āyí*, maana hakuna anayependa kuzeeshwa.

Sasa kuanzisha maongezi. Wachina wana mtindo ambao Mswahili anaujua tangu utotoni: unamuuliza mtu kile unachokiona. Sisi tukimkuta mtu na kikapu tunasema "unatoka sokoni?" ilhali jibu liko mkononi mwake. Jirani yako akiingia na mfuko wa majani, mwambie *Āyí, mǎi cài huílai la?*, "mama, umerudi kutoka kununua mboga?" *Cài* ni neno pana kama "mboga" yetu, maana ni majani ya sokoni na pia ni kitoweo chochote kinacholiwa na wali.

Hapo uwe mwangalifu na sauti. *Mǎi* ya sauti ya chini ni kununua, na *mài* inayoshuka ghafla kutoka juu ni kuuza. Ukikosea umemwambia anatoka kuuza mboga. Tamka *mǎi* chini kabisa, kama mtu anayesitasita, kisha *cài* ianzie juu na kuanguka kama unavyomkataza mtoto: "Acha!" Waswahili pia tunapenda kupandisha sauti mwisho wa swali. Kwenye *chī le ma* usifanye hivyo, kwa kuwa *ma* yenyewe ndiyo alama ya swali. *Chī* ndiyo inayokaa juu, na *le* na *ma* zipite kwa wepesi.

Kwenye familia, mlango mzuri ni mtoto aliye mbele yako. *Xiǎopéngyǒu jǐ suì le?*, "rafiki mdogo ana miaka mingapi?" Tumia *xiǎopéngyǒu* kila mara, na usibahatishe *sūnzi*, yaani mjukuu. *Sūnzi* ni mtoto wa mwana wa kiume tu. Wa binti anaitwa *wàisūn*, na isitoshe *sūnzi* hugeuka tusi mitaani. Muache mwenyewe aseme ni wa nani. Neno *jǐ* nalo linatarajia idadi ndogo, isiyozidi kumi hivi. Mwanafunzi wangu mmoja alimuuliza mzee *Nǐ jǐ suì le?* kwa nia njema kabisa, na mzee akakunja uso, kwa sababu ameulizwa kama mtoto wa chekechea. Kwa mtu mzima ni *Nín duō dà niánjì le?*, na hata hilo lisubiri mzoeane.

Swali ambalo ningekuomba usiliulize ni "una watoto wangapi?", na zaidi "mbona mmoja tu?" Kuanzia mwaka 1980 hivi hadi mwisho wa 2015, familia nyingi za mijini ziliruhusiwa mtoto mmoja tu. Kwa mwanamke wa rika lake jibu linaweza kuwa na kidonda ndani yake.

Yeye anaweza kukuuliza *Nǐ jiā yǒu jǐ kǒu rén?*, "kwenu mko wangapi?" *Kǒu* ni mdomo, kwa hiyo watu wa nyumba moja huhesabiwa kwa midomo inayolishwa. Usianze kujumlisha binamu na wajomba. Taja wale wa chungu kimoja: *Wǒ jiā yǒu liù kǒu rén*, tuko sita. Akiuliza kama umeoa au umeolewa, naye si mpekuzi. *Hái méi ne*, "bado", inatosha na tabasamu.

Lakini kama ungenitaka nikupe swali moja tu, ningekupa hili: *Āyí, nín lǎojiā shì nǎlǐ de?*, "mama, kwenu ni wapi?" Wazee wengi hufuata watoto wao mjini kulea wajukuu, na huenda naye si mwenyeji wa Yiwu. Akitaja mkoa, endelea: *Nàbiān yǒu shénme hǎochī de?*, "huko kuna vyakula gani vitamu?" Wa kaskazini atakuambia habari za *jiǎozi*, vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama au mboga, na *mántou*, mkate wa mvuke. Wa Sichuan atakuambia pilipili. Na hawezi kueleza chakula cha kwao bila kumtaja aliyekipika, kwa hiyo familia itaingia yenyewe, na yeye ndiye anayechagua nani atajwe. Hata usipoelewa nusu ya maneno, sema *Zhēn de ma?*, "kweli?", ataendelea.

Akimalizia na *Gǎitiān lái wǒ jiā chīfàn*, "siku moja uje kula kwangu", mshukuru tu. Usimuulize siku gani. Ni mwaliko pale tu atakapotaja siku na saa. Na kama huli nguruwe, mwambie mapema *Wǒ bù chī zhūròu*. Usiseme *bù chī ròu*, atadhani huli nyama yoyote. Ila wao wakikuambia sahani ina *ròu* bila kutaja ya mnyama gani, mara nyingi ndiyo hiyo ya nguruwe.

Ukitaka kutangulia wewe, pika chapati. Wao wana *bǐng*, mkate bapa wa jamii hiyo hiyo, kwa hiyo hutahitaji maelezo marefu. Shika sahani kwa mikono miwili: *Āyí, zhè shì wǒmen lǎojiā de bǐng, nín chángchang*, "mama, hii ni *bǐng* ya kwetu, hebu onja." Kulirudia neno *cháng*, onja, kunalainisha ombi. Atakataa: *Búyòng, búyòng, tài kèqi le!*, "usijisumbue, umezidisha ukarimu!" Usirudi na sahani. Sema tena *nín chángchang*, na akikataa mara ya pili sema mara ya tatu. Mara nyingi hapo ndipo mikono inapofunguka.