Usiilaumu prosesa kabla hujaikagua mazabodi

Juzi kijana mmoja wa Masasi kaniandikia: "Kaka, nimenunua i7-12700, lakini video za harusi zinarenda taratibu kuliko kwenye mashine yangu ya zamani. Nimeuziwa feki?" Sidhani, mdogo wangu. Mteja mmoja hapa Chikongola alinitangaza mtaa mzima kwamba nimemfungia prosesa mbovu, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Mazabodi alikuja nayo mwenyewe, H610 ya bei ya chini kabisa. Nilimwambia haitamudu, akaona nataka kumuuzia yangu. Basi akianza kurenda, spidi inapanda kupita gigahezi 4, baada ya dakika chache inaporomoka chini ya 2, inapanda, inaporomoka tena. Joto la prosesa lilikuwa digrii 65 tu, ndiyo maana fundi aliyemwendea baadaye alibadilisha pesti bila faida.

Aliporudi kwangu nilifungua HWiNFO, mahali pa sababu za prosesa kupunguzwa mwendo. `VR Thermal Alert` ilisoma `Yes`. Iliyozidi joto si prosesa, ni saketi ya kuilisha umeme.

Pawasaplai inatoa volti 12, prosesa inataka kama volti 1.2. i7-12700 ikifika kilele cha wati 180, ni ampea 150 zinazopita kwenye vijichipu vilivyopangwa kando yake. Zikipotea asilimia 10 njiani, wati 20 zinageuka joto hapo hapo. Bodi nzuri huzigawia chipu nyingi mzigo huo na kuzivika hitisinki. Ile ilikuwa na chipu chache, zote ziko wazi, ndani ya chumba cha bati, Mtwara, mwezi wa Desemba. Zikizidi joto zinaiamuru prosesa ipunguze mwendo ili zisiungue.

Kibaya zaidi, alikuwa amefunga kupoza kwa maji. Feni ya kawaida inayopuliza kuelekea bodi huwa inazipepea na hizo chipu. Pampu ya maji haipepei kitu.

Niliweka feni ndogo ikapuliza pale, nikaingia BIOS nikashusha vikomo vya wati vya prosesa, PL1 cha muda mrefu na PL2 cha muda mfupi, hadi wati 95. Spidi ya juu ilipungua, lakini ilitulia bila kuyumba, na video ikamalizika mapema kuliko mwanzo.

Sasa wewe wa Masasi, angalia mahali hapo hapo kwenye HWiNFO. Ukikuta `Yes` iko kwenye PL1, si joto: bodi imeshika kikomo cha wati 65 tu, na unaweza kukipandisha kidogo kidogo. Ikiwa ni `VR Thermal Alert`, usikipandishe hata wati moja. Peleka upepo pale, shusha wati, na ukipata hela tafuta bodi ya B660 yenye hitisinki nzito ya alumini iliyofungwa kwa skrubu juu ya hizo chipu. Hakikisha inatumia ramu za aina uliyonayo, DDR4 au DDR5. Na jamani, acheni kumaliza hela zote kwenye prosesa mkabakiza za bodi ya kubahatisha!