Koefishenti ya dami imeyeyuka baada ya kuongeza variabo moja

"Wakuu naomba msaada. Nafanya mazoezi na data ya mtcars kwenye R. Nilipoweka gia peke yake (am) koefishenti ilikuwa 7.2 na ina nyota tatu, nikaongeza uzito ikawa kama sifuri hivi. Halafu ukilinganisha na modeli ya uzito peke yake R-skwea haijashuka ila adjasted imeshuka. Nimekosea wapi?"

Mkuu hujakosea popote, hiyo data inafanya hivyohivyo kwa kila mtu. Mimi ilinikuta kwenye ripoti ya kozi, nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba gari la manyuo linaenda maili 7 zaidi kwa galoni kuliko la oto, na supavaiza akaniuliza swali moja tu, "hayo ya oto yana uzito gani?" Nilikuwa sijaangalia hata. Nikarudi kwenye kiti changu kimya.

Tuanze na modeli zako hizi:

```
a <- lm(mpg ~ am, data = mtcars)
b <- lm(mpg ~ wt, data = mtcars)
c <- lm(mpg ~ wt + am, data = mtcars)
summary(c)
```

Kwenye mtcars kuna magari 32, ni data ya jarida la Kimarekani la mwaka 1974, na am ni dami: 0 ni oto (yapo 19), 1 ni manyuo (yapo 13). Kwenye modeli a dami ikiwa peke yake haifanyi kitu chochote cha ajabu, inatoa wastani tu. Intasepti 17.15 ndio wastani wa oto, na 7.245 ni umbali kutoka wastani wa oto mpaka wastani wa manyuo. Basi. Hapo hakuna neno lolote kuhusu gia "kusababisha" kitu, ni makundi mawili yamesimamishwa pembeni kwa pembeni yakiwa na tofauti zake zote, uzito, injini, kila kitu.

Sasa modeli c inauliza swali lingine kabisa, na hapa ndipo wengi tunapopotea maana jina la variabo ni lilelile am kwa hiyo unadhani koefishenti ni ileile imebadilika thamani. Siyo. Sasa hivi inauliza: ukichukua magari mawili yenye uzito sawasawa, moja oto moja manyuo, yanatofautiana maili ngapi? Jibu ni -0.024, yaani hakuna tofauti ya kuongelea. Na ya wt ni -5.35, maana yake kati ya magari yenye gia ya aina moja, lililozidi uzito kwa pauni 1000 (wt ipo kwa maelfu ya pauni, usisahau hilo, nimeona watu wanasema "pauni moja inapunguza maili 5") linatarajiwa kwenda maili 5.35 pungufu kwa galoni.

Ile 7.245 imeenda wapi basi? Unaweza kuifuatilia kwa kalkuleta. Wastani wa uzito wa oto ni 3.769, wa manyuo ni 2.411, tofauti 1.358. Zidisha na 5.353 unapata kama 7.27. Toa 0.024 unarudi kwenye 7.245 yako. Yaani karibu yote ilikuwa ni uzito umevaa koti la gia, magari ya oto kwenye hiyo data ni mazito tu. Na hiyo hesabu inatoka kamili kila mara, sio bahati ya data hii, kwa hiyo ukiona koefishenti imeruka baada ya kuongeza variabo nenda kaangalie makundi yako yanatofautiana vipi kwenye hiyo variabo mpya.

Ila usiende upande wa pili ukaandika "gia haina athari". Angalia standadi era ya am kwenye c, ni 1.55. Konfidensi intavo ya asilimia 95 inaanzia kama -3.2 mpaka +3.1, kwa hiyo inaweza kuwa maili 3 huku au maili 3 kule na data hii haiwezi kukwambia. Sababu ni kwamba mazito mengi ni oto na mepesi mengi ni manyuo, sehemu yanapokutana kwa uzito ni ndogo, modeli haina wa kulinganisha naye.

Haya R-skwea. Modeli b inatoa 0.7528, modeli c nayo 0.7528. R-skwea haiwezi kushuka ukiongeza variabo, hata ukiongeza namba za kubahatisha, kwa sababu mbaya kabisa lm inaweza kuipa koefishenti sifuri na ukabaki pale ulipokuwa. Kwa hiyo yenyewe haijui kukwambia "hii haina kazi". Adjasted inafanya hivi, n ni idadi ya magari na p ni idadi ya koefishenti bila intasepti:

```
1 - (1 - R2) * (n - 1) / (n - p - 1)
```

Kwa b: 1 - 0.2472 × 31/30 = 0.7446. Kwa c: 1 - 0.2472 × 31/29 = 0.7358. Unaona makosa yaliyobaki ni yaleyale 0.2472, kilichobadilika ni 30 kuwa 29. Umelipa digrii moja ya fridamu kununua am na haijakurudishia kitu, ndio maana imeshuka. Ukitaka kuiona kwa jicho lingine angalia residual standard error, imetoka 3.046 ikapanda 3.098, ni habari ileile.

Kitu ambacho nilichelewa kukijua: ukiongeza variabo moja, adjasted inapanda pale tu t yake ikizidi 1 (au ikiwa chini ya -1). Ya am ni -0.015, haikuwa na nafasi. Lakini 1 ni kizuizi kifupi sana, variabo yenye t ya 1.3 inapandisha adjasted na bado p-valyu yake ni mbovu, kwa hiyo mtu anayechagua modeli kwa adjasted peke yake ataishia kubeba mizigo mingi.

Ukitaka kuona dami zinazolipa jaribu silinda:

```
summary(lm(mpg ~ wt + factor(cyl), data = mtcars))
```

Hapo makundi ni matatu (4, 6, 8) ila dami zinatokea mbili tu, ya silinda 4 imekaa ndani ya intasepti. Silinda 6 ni -4.26 na 8 ni -6.07, zote zinapimwa kutoka silinda 4 kwa uzito uleule. Kwa hiyo 8 dhidi ya 6 ni -6.07 toa -4.26, yaani kama -1.8, na usiseme ni muhimu kwa sababu eti 8 ina nyota, nyota zile ni za kulinganisha na 4. Badilisha kundi la msingi kwa relevel ndio upate standadi era yake, koefishenti zitabadilika lakini R-skwea itabaki 0.8374 na adjasted 0.82 vilevile, maana modeli ni ileile imehamishwa tu mahali pa kuanzia kupima. Na usitengeneze dami tatu kwa mkono ukaziingiza zote pamoja na intasepti, R itakuwekea NA kwenye moja wapo kwa sababu zikijumlishwa zinatoa 1 kwa kila gari, na hiyo ndiyo intasepti yenyewe.