Logo kwenye mfuko, kikombe na kibao: omba picha tupu kwanza

*"Nina logo ya duka la viungo, karafuu ya kijani na neno VIUNGO chini yake. Kila nikiiomba AI iniwekee kwenye mfuko, kikombe na kibao cha duka, herufi zinaharibika. Niandike prompti gani?"*

Mkuu, hiyo kazi ya kuiweka logo usiipe AI. Iombe mfuko mtupu, kikombe kitupu na kibao kitupu, halafu logo uibandike mwenyewe. AI haikopi faili lako, inalichora upya kila mara, na ndiyo maana G inageuka C. Ukiipa faili lenyewe huwa inajitahidi zaidi, lakini bado inachora.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Mteja wangu naye anauza viungo, na logo yake ina karafuu. Nikamtumia mokapu, yaani picha ya mfano ya mfuko wenye logo, iliyotoka AI moja kwa moja, herufi zote zikiwa sawa, tukafurahi. Fundi wa kuchapa akachukua picha ileile ya WhatsApp akaichora upya, akachapa mifuko 40. Mteja alipoipokea aliniuliza, "Karafuu gani hii yenye vijino vitano?" Karafuu ina vijino 4, na logo halisi ilikuwa navyo 4. Mifuko nikailipa mimi.

Kwa kikombe sasa naandika hivi:

```
Picha ya kikombe cheupe cha kauri, uso mtupu
wa rangi moja, juu ya meza ya mbao. Mkono wa
kikombe uko kulia. Kamera iko usawa wa katikati
ya kikombe. Mwanga wa dirisha kutoka kushoto,
kivuli laini upande wa kulia.
```

Sitaji neno logo wala maandishi kabisa. Ukisema "pasiwe na maandishi", mara nyingi ndiyo unaikumbusha iyaweke. Eleza uso ulivyo, basi. Na kamera nimeiweka usawa wa katikati kwa sababu ikitazama kutoka juu, ukingo wa kikombe unapinda sana na logo italazimika kupinda vilevile.

Kisha nafungua picha kwenye Photopea, ni bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari. Naleta logo ya PNG isiyo na rangi nyuma, iwe leya ya juu, naikunja kwa `Edit > Transform > Warp`, halafu leya naiweka `Multiply` ili kivuli cha kikombe kipite juu ya wino. Kujua kama umepatia, tazama mstari wa chini wa neno VIUNGO na ukingo wa chini wa kikombe. Ukingo ukiwa umepinda na neno limenyooka kama rula, logo itaonekana inaelea.

Upana nao una hesabu yake. Kikombe cha kawaida kina kipenyo cha kama sm 8. Logo ya sm 8 ikikizunguka, kwa mbele utaona kama sm 6.7 tu, na pembeni herufi zinabanana. Kwa hiyo kwenye Warp banisha kingo kidogo, katikati paache.

Mfuko ni rahisi zaidi. Neno marikani AI nyingi hazilielewi, andika "kitambaa cha pamba kisichopaushwa, nyuzi zinaonekana, umening'inia kwenye msumari, mikunjo michache". Mikunjo ikizidi itabidi logo uivunjevunje, na Multiply peke yake haitoshi. Logo yako ya kijani itakaa vizuri hapo. Kama ina sehemu nyeupe, Multiply itaifuta nyeupe hiyo, na mteja atadhani rangi ya kitambaa ni sehemu ya logo.

Kibao ndicho kinachodanganya watu wengi. Taja vipimo: kibao cha mita 3 kwa sentimita 75 ni uwiano wa 4 kwa 1, uandike hivyo kwenye prompti. Sema pembe zote 4 zionekane, maana utazishika moja moja kwa `Edit > Transform > Distort`. Kama kibao ni cheusi au kijani kilichokolea, usitumie Multiply, logo itazama. Tumia toleo jeupe la logo katika `Normal`, upunguze uangavu kidogo ili lifanane na mwanga wa mtaa.

Halafu omba picha ipigwe kutoka ng'ambo ya barabara, mtu mzima akiwa amesimama mlangoni. Mafundi wa vibao wana kipimo chao: herufi ya sm 2.5 inasomeka vizuri kwa kama mita 3. Barabara ya mita 15 inataka herufi za sm 12 hivi. Kwenye kibao cha sm 75, karafuu ikikaa juu ya neno kama ilivyo logo yako, itakula nafasi na VIUNGO itabaki ndogo. Jaribu karafuu ikae kushoto ya neno, uweke matoleo yote mawili kwenye picha ileile umwonyeshe fundi kabla hajakata herufi. Na fundi mpe faili la logo lenyewe. Picha ya mokapu ibaki kwako.