Kutafsiri hati ya shehena kwa Kiindonesia: anza na fomu ya forodha

Ukipewa hati ya shehena ya Kiingereza uitafsirie kampuni ndogo inayoagiza mizigo Indonesia, usianze na kamusi. Fungua kwanza PIB, tamko la forodha ambalo mwagizaji au wakala wake atalijaza. Vichwa vya visanduku vyake ndivyo vitakavyokupa istilahi: Gross Weight inakuwa Berat Kotor, Net Weight inakuwa Berat Bersih. Hati yenyewe sheria ya biashara ya huko huiita konosemen, ingawa wenye mizigo wengi husema tu B/L, kifupi cha bill of lading, na mimi huiacha hivyo.

Kisanduku kilichonisumbua zaidi ni cha Consignee, yaani anayepelekewa mzigo. Chukua mzigo wa vipuri vya pampu kutoka India kwenda Surabaya, ulionunuliwa kwa mkopo wa benki. Hapo utakuta TO ORDER OF, kisha jina la benki. Mara ya kwanza niliandika benki kuwa importir. Lilikuwa kosa kubwa. Benki imewekwa pale ili kulinda fedha zake, na mzigo hautoki mpaka isaini nyuma ya hati. Mwagizaji ni kampuni yenye NPWP, namba yake ya mlipakodi, na mara nyingi jina lake liko chini kidogo, kwenye Notify Party, yule wa kuarifiwa mzigo ukifika. Siku hizi naandika atas perintah, nafuatisha jina la benki, kisha namwandikia mteja pembeni kwamba hilo si jina la kujaza penye importir.

Tarakimu nazo hutafsiriwa. Hati ikisema Gross Weight 12,480.500 KGS, Kiindonesia ni 12.480,500 kg, kwa kuwa huko nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali. Ukiinakili ilivyo, msomaji atakwama kwenye mkato na anaweza kusoma kilo kumi na mbili na ushei. Mimi huisoma kwa sauti kwa Kiindonesia, dua belas ribu, yaani elfu kumi na mbili, halafu nalinganisha na orodha ya vifurushi: uzito wa bidhaa ukijumlishwa na wa makasha yake lazima ufike hapo. Uzito wa kontena tupu haumo humo. Ukiutaja, utaje peke yake.

Sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu. Neno ushuru kwetu hubeba ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa pia. Indonesia hutenganisha: bea masuk hutozwa kwa kuingiza mzigo, cukai hutozwa bidhaa chache kama tumbaku na pombe. Kwa kuwa idara yenyewe huitwa Bea Cukai, mkono huteleza kirahisi. Kwa vipuri vya pampu, import duty ni bea masuk. Neno cukai likionekana kwenye rasimu yako, rudi kwenye Kiingereza uone limetoka wapi.