Yai humaliza meiosisi lini?

"Nisaidieni mpangilio wa mtihani: folikali, ovulesheni, utungisho, kujipandikiza. Yai linamaliza meiosisi ya pili kabla ya kutoka kwenye ovari, sivyo?"

Hapana, hapo ndipo wengi hupoteza alama. Folikali, kifuko kinacholea yai ndani ya ovari, ikishakomaa, homoni ya LH hupanda ghafla na yai humaliza meiosisi ya kwanza tu. Saa kama 36 tangu LH ianze kupanda, folikali hupasuka na yai hutoka likiwa limesimama katikati ya meiosisi ya pili. Mbegu ya kiume ikiingia ndipo humalizia. Isipoingia, yai hufa bila kuimaliza.

Aliyetangulia kujibu alisema utungisho hufuata ovulesheni na hutokea kwenye uterasi. Mpangilio amepatia, ila si kwenye uterasi. Ni kwenye mrija wa falopio, sehemu yake pana. Ovulesheni ikiwa siku ya 14 ya mzunguko wa hedhi, yai hutungishwa ndani ya siku moja hivi. Linagawanyika likisafiri, na kufikia siku ya 19 ni blastosisti, yaani mpira wa seli wenye uwazi ndani. Hapo hulivua ganda lake, kisha kwenye siku ya 20 au 21 huanza kujipandikiza. Ganda lisipovuliwa, blastosisti haishiki kwenye ukuta wa uterasi.

— Mimi nilipima mimba siku nne baada ya ovulesheni, ikaja hasi. Kumbe nilikuwa nayo!

— Dada, hilo si swali lake, lakini linaeleweka: kabla ya kujipandikiza, hCG, homoni ambayo kipimo cha mimba huitafuta, haijafika kwenye damu yako.

— Na folikali iliyopasuka, inaingia wapi kwenye mpangilio?