Daktari kasema nisifunge, mwalimu kasema nifunge: nishike kauli ya nani?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nina kisukari na ninajidunga insulini kila siku. Daktari amenikataza kufunga Ramadhani. Mwalimu wangu wa darsa, mcha Mungu na mwenye elimu kubwa, ananiambia nifunge kwa kuwa saumu huponya kisukari. Nilipomtaja daktari, kaka yangu alisema "fulani kasema" si hoja. Je, ni kweli?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kaka yako ameshika upande mmoja wa jambo. Ni kweli Qur'ani inawalaumu waliosema wanafuata waliyowakuta nayo baba zao, lakini tazama aya inavyomalizia: "hata kama baba zao walikuwa hawafahamu kitu" (al-Baqara 170). Kosa lao ni kumfuata asiyejua kwa kuwa tu ni baba. Anayejua tumeamrishwa tumuulize: "Basi waulizeni wenye ukumbusho ikiwa nyinyi hamjui" (an-Nahl 43). Kwa hiyo "fulani kasema" huwa hoja au huwa si hoja kutegemea huyo fulani anajua nini kuhusu lile aliloulizwa.

Abu Daud amepokea kwa Jabir kisa kinachofanana sana na chako. Walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe kichwani, kisha usiku akaota na kupatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa, maana maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) akasema wamemuua, na akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza. (Wanazuoni wa Hadithi wana maneno juu ya nyongeza ya mwisho inayohusu kupangusa bendeji, lakini hiyo haigusi tunalolizungumza.) Hao walikuwa watu wa kheri, wamo katika msafara wa Masahaba. Wema wao haukuwapa ujuzi wa lile waliloulizwa.

Upande wa pili yuko Abdullah bin Urayqit. Mtume na Abu Bakr walipohama Makka walimkodi awaongoze njia, na Bukhari amepokea kwamba alikuwa bado katika dini ya makafiri wa Kikureshi. Walimkabidhi ngamia wao na kuagana naye wakutane kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Katika itikadi hawakumsikiliza hata kidogo. Katika njia za jangwani walimwamini kwa sifa mbili: alikuwa bingwa wa njia, na walimwona ni mwaminifu.

Sasa rudi kwako. Swali lako limebeba maswali mawili. La kwanza: je, kufunga kutanidhuru? Hilo ni la daktari, na mwalimu wako akilijibu huwa amevuka mpaka wake, hata kama amehifadhi vitabu vyote vya fiqhi. La pili: anayedhurika afanye nini? Hapo mwalimu yuko kwenye fani yake, na daktari akikuambia hulazimiki kulipa wala kutoa fidia, usimfuate.

Lakini hata daktari asichukuliwe kwa jina la cheo tu. Muulize anakukataza kwa nini. Anayejua atakueleza kuhusu mwili wako wewe: kwamba insulini bila chakula inaweza kuishusha sukari mpaka utetemeke, utoke jasho na hata uzimie, na kwamba ukiiacha kwa kuogopa hilo, sukari inaweza kupanda hadi damu iwe na asidi. Atataka kuona vipimo vyako. Akikukataza bila kukupima wala kukuuliza unatumia dawa gani, tafuta daktari mwingine wa kisukari. Wawili wakikubaliana bila mmoja kumnukuu mwenzake, hoja imepata nguvu. Kauli yao bado ni dhana yenye nguvu, haifiki yakini, lakini kisheria hiyo inatosha kukuhalalishia kula. Vipimo vikibadilika, nayo inaweza kubadilika.

Na wapo wenye kisukari wanaoruhusiwa kufunga kwa masharti. Ukiwa miongoni mwao, pima sukari mchana. Tone la damu la kidoleni halibatilishi saumu. Miongozo ya madaktari inataka ufungue papo hapo ikishuka chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL) au ikipanda juu ya 16.6 mmol/L (300 mg/dL), hata ikibaki nusu saa magharibi iingie.

Madaktari wakisema dhara ni la muda, kula na ulipe siku nyingine (al-Baqara 184). Wakisema halitarajiwi kuondoka, toa fidia, yaani kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Mpelekee mwalimu wako maelezo yao kwa maandishi, umuulize: mtu wa hali hii, hukumu yake ni ipi?

Wallahu a'lam.