Jibu: Programu ya mchezo wa Go kuchagua hatua bila kupima ubao

"Programu yangu ya Go ya 9x9 haina fomula ya kupima ubao. Sasa itajuaje hatua ipi ni nzuri?"

Habari ndugu. Iache icheze kwa kubahatisha hadi mwisho, mara elfu kadhaa. Mchezo ukiisha, kujua nani kashinda ni kuhesabu tu. Kila hatua itunze idadi ya majaribio na ushindi wake, kisha jaribio linalofuata liende kwenye alama kubwa:

```
w/n + sqrt(ln(N)/n)
```

w ni ushindi, n majaribio ya hatua hiyo, N majaribio yote. Tuseme hatua A imeshinda 60 kati ya 100, hatua B 5 kati ya 10. A inapata 0.82, B 1.19. Zamu ni ya B, kwa sababu bado haijajaribiwa vya kutosha. Muda ukiisha, cheza hatua iliyojaribiwa mara nyingi zaidi, si yenye asilimia kubwa. Kushinda 3 kati ya 3 kunaweza kuwa bahati.

Kagua kwanza macho, yaani nafasi tupu zilizozungukwa na mawe ya mchezaji mmoja. Programu yangu ilikuwa ikiziba macho yake yenyewe. Makundi yaliyo hai yakafa na michezo haikuisha. Ikataze.

Kisha angalia ushindi unahesabiwa kwa nani. Kwenye zamu ya mpinzani, w iwe ushindi wake yeye. Mimi nilisahau, programu ikawa inamchagulia mpinzani hatua mbovu kabisa, inajiona inashinda huku makundi yake yanatekwa.